Tafuta "finlay", usitafute "Finlays"

Ukitaka kuidai kampuni, barua ya madai inahitaji jina lake la kwenye sajili, si lile la kwenye lori. Huku Kericho na Bomet majina hayo mawili hupishana kila siku, na vijana wengi hukwama hapo hapo. Unaandika jina, sajili inajibu hakuna, unafunga simu ukidhani kampuni ni hewa. Kumbe umeongeza herufi moja tu.

Chukua mfano tunaoujua wote. Kwa miaka mingi kila mtu aliita mashamba yale "Finlays". Lakini kampuni iliyoajiri wachumaji iliitwa James Finlay (Kenya) Limited. Haina "s" mwishoni, ina James mbele, na "Kenya" iko ndani ya mabano. Mashine inayolinganisha herufi kwa herufi ikipewa "Finlays Kenya Ltd" haitaiona kabisa. Ipe "finlay" peke yake na inatoka. Kanuni yangu ni hii: chukua kipande cha jina ambacho una uhakika nacho, kata kila kitu kingine. "Limited", "Ltd", "PLC", "Company" na "Kenya" zote zitupe, kwa sababu hazikusaidii kutofautisha kampuni na ndizo watu huandika kila mtu kivyake.

Tena usitafute Nairobi pekee. Kampuni hii ilisajiliwa Scotland, ndiyo maana mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh iliruhusu wachumaji waliosema kazi iliwaumiza miili wafungue kesi ya pamoja kule. Sajili ya Uingereza, Companies House, ni ya bure hata ukiwa Litein na bando ya shilingi ishirini. Ndani ya Advanced search kuna kisanduku kinaitwa Company name includes. Weka humo `james finlay`, kisha angalia namba: zinazoanza na SC ni za Scotland.

Sasa majina ya zamani. Nyanya yako atakwambia alifanya kazi "Brukbon". Ukiandika hivyo hupati kitu, na hata ukirekebisha iwe Brooke Bond bado una shida, kwa sababu kampuni ilibadilisha jina. Brooke Bond Kenya ikawa Unilever Tea Kenya, halafu Ekaterra, halafu Lipton Teas and Infusions. Namba ya usajili haibadiliki jina linapobadilika, kwa hivyo ukiipata kwenye karatasi yoyote ya zamani, tafuta kwa namba na usahau herufi.

Kwa viwanda na wanunuzi wadogo wa majani, shida ni tahajia ya Kikipsigis. P na b hubadilishana, k na g vilevile. Mwingine anaandika Kapkatet, mwingine Kabkatet, karani naye anatenganisha: Kap Katet. Ukiwa na orodha ya kampuni kwenye Excel, alama mbili zitakuokoa. Alama ya kuuliza inashika nafasi ya herufi moja, nyota inashika herufi zozote, ziwe ngapi.

```
Ka?katet
Ka*katet
```

Ya kwanza inaleta Kapkatet na Kabkatet. Ya pili inaongeza ile yenye nafasi katikati. Lakini usiandike `Ka*t` manze, utaletewa nusu ya kaunti.

Si kila kisanduku kinaelewa nyota. Ipime kwanza kwa jina ambalo unajua limo: andika `Kapka*`, na kama Kapkatet haitokei, hapo nyota haifanyi kazi. Rudi kwa kipande kitupu, `katet`, halafu ujaribu tahajia moja baada ya nyingine. Kukosa matokeo kabla ya kupima hivyo si ushahidi kwamba kampuni haipo.

Na ukipata majina matatu yanayofanana, usikimbilie kulipia. CR12, ile hati ya BRS inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, inalipiwa kwa eCitizen, na ukiitisha ya kampuni isiyo yako pesa imeenda. Linganisha kwanza na PIN au anwani ya posta iliyo kwa risiti yako ya majani. Kumbuka pia kwamba CR12 ni ya kampuni tu. Yule broka wa Bomet mwenye pikapu huenda amesajili jina la biashara tu, na hapo unayemdai ni mwenyewe kama mtu.

Ombi langu kwa BRS ni dogo. Mtu aweze kuandika kipande cha jina bure, aone kila kampuni yenye kipande hicho, jina lake la sasa, la zamani na namba. Companies House inafanya hivyo tayari, na mchumaji wa Kericho hapaswi kupata habari za mwajiri wake kwa urahisi zaidi kutoka Uingereza kuliko kutoka Nairobi.