Hundi ya Marehemu na Akaunti ya Mirathi

Alitujia dada mmoja, mkazi wa Kisauni, na hundi ya shilingi 70,000 mkobani. Hundi ilikuwa ya kaka yake, fundi seremala aliyefariki kabla haijapelekwa benki. Katika wasia wake marehemu alimtaja dada huyu kuwa wasii, na wadogo zake walikwisha kumwambia, "Itie katika akaunti yako, dada, tugawane." Alikuja kutuuliza kama inafaa. Kwa idhini yake tunakisimulia kisa hiki, huku tukibadilisha mambo machache ili ahli yake wasitambulikane.

Hundi ile haikuwa na njia. Iliandikwa kwa jina la mtu, na mtu huyo hayupo. Benki ikishajua kwamba mwenye akaunti amefariki huifunga akaunti yake, wala haimpokelei mwingine fedha zilizoandikwa kwa jina lake. Kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inamkataza yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria au hati ya mahakama, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mjane anayetoa fedha kwa kadi ya mumewe usiku wa msiba, hata kama ni za sanda, amejiingiza katika mlango huo bila kujua. Hukumu za nani arithi na fungu gani, kwetu sisi Waislamu, zimebaki katika sharia yetu. Lakini usimamizi wa mali, yaani kukusanya, kulipa na kutoa hesabu, unafuata sheria hiyo ya nchi pale isipopingana na dini.

Basi dada yetu alitafuta kwanza hati ya mahakama. Wasii aliyetajwa katika wasia hupata mamlaka yake tangu siku ya kifo, tofauti na msimamizi asiye na wasia, ambaye mamlaka yake huanza siku anapopewa hati. Hata hivyo benki haisomi wasia, husoma hati. Tangazo lilitolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, zikapita siku 30 za kungoja wenye pingamizi, na hati ikatoka katika mwezi wa nne. Lau kungekuwa na mali ya kuharibika au wapangaji wa kutoroka, angeliweza kuiomba mahakama hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi tu.

Akiwa na hati, cheti cha kifo, kitambulisho na namba yake ya mlipa ushuru, alifungua akaunti mpya kwa jina la mirathi ya marehemu. Alichagua akaunti ya kawaida isiyo na riba, akakataa kadi ya kutolea fedha mitaani, ili kila shilingi itoke kwa saini yake na ionekane katika taarifa ya benki. Mteja aliyetoa hundi ya zamani alimwandikia mpya kwa jina la akaunti hiyo. Benki ya marehemu ilihamisha salio lake, shilingi 186,000. Wapangaji wa vyumba viwili, ambao kila mmoja alidaiwa miezi mitatu ya kabla ya kifo kwa shilingi 8,000, walilipa 48,000. Kodi ya baada ya kifo tulimshauri aiandike katika daftari la pembeni, kwa kuwa hiyo ni mazao ya mali iliyokwisha kuwaangukia warithi, na hesabu yake aipeleke kwa Kadhi. Jumla ya akaunti ikawa shilingi 304,000.

Hapo ndipo ndugu walipoanza kuhesabu vidole. Marehemu aliacha mjane, wana wawili na binti mmoja. Wazazi wake walitangulia. Mjane aliambiwa kwa upole kwamba yeye ana watoto, fungu lake ni thumni, basi achukue shilingi 38,000 zake. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mahari. Katika cheti cha ndoa yake mliandikwa shilingi 60,000 zilizoahirishwa, na hazikuwahi kulipwa. Mahari hiyo ni deni kama deni la dukani, nayo hutoka kabla ya urithi wa yeyote.

Wasii alipanga malipo kwa mpango wa sharia: mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Kaka mdogo, aliyesimamia msiba, alileta madai ya shilingi 92,500 na risiti zake. Tulizisoma naye moja moja. Sanda, kuoshwa, kaburi na gari zilifika 34,500. Zilizobaki, 58,000, zilikuwa za mchele, mbuzi na mahema ya tanga. Dada akamrudishia 34,500, akazikataa 58,000, na ndugu yule akanuna wiki nzima. Tunamwelewa, maana alikopa kwa nia njema. Lakini mmoja wa wale wana ana miaka tisa, na mtoto hana uwezo wa kuridhia fungu lake lipunguzwe. Warithi wazima wakitaka kuchangia karamu, wachangie kwa mafungu yao.

Madeni yaliyobaki yalikuwa mepesi kuyapima. Hospitali ilidai 62,000 kwa hati, duka la mtaani 11,300 kwa daftari, na rafiki mmoja 40,000 kwa karatasi yenye mashahidi wawili. Mwingine alisimama siku ya maziko, ilipotangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, akataja 25,000. Hakuwa na maandishi wala shahidi. Wasii hakumkadhibisha wala hakumlipa. Alimwomba apeleke dai lake kwa Kadhi, na hadi leo hajaenda. Gharama za mahakama na vyeti zilikuwa 8,200. Pamoja na mahari, jumla ya malipo ilifika shilingi 216,000, zikabaki 88,000. Wasia wa marehemu haukumwachia mtu mali yoyote.

Mjane alipata thumni ya kilichobaki, 11,000, juu ya mahari yake, jumla 71,000 badala ya zile 38,000. Salio la 77,000 liligawanywa mafungu matano: kila mwana 30,800 na binti 15,400. Lau gharama za tanga zingelitolewa humo, fungu la yule mtoto lingelishuka hadi 10,500. Yeye peke yake angelilipia pilau shilingi 20,300.

Mgawanyo haukufanyika siku madeni yalipomalizika. Hati ya kwanza inampa wasii uwezo wa kukusanya na kulipa, si wa kugawa. Kugawa kunangoja hati ithibitishwe, na kwa kawaida ombi hilo huja baada ya miezi sita tangu hati itoke. Katika miezi hiyo hiyo sheria inamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali na hesabu kamili. Hapo taarifa ya benki ilimpunguzia kazi, kwa sababu mapato matatu na malipo sita yote yalikuwamo, kila moja kwa tarehe yake, na hakuna hata moja lililopita katika simu ya mtu.

Fedha za mtoto zimewekwa chini ya jina lake kwa usimamizi ulioidhinishwa. Akaunti ya mirathi imefungwa ikiwa na salio la sifuri, na nakala ya taarifa yake ya mwisho amepewa kila mrithi, akiwamo yule kaka aliyenuna.