Kiitikio Kimoja, Kasida Tatu

Msomaji wetu mmoja, mama wa nyumba kutoka Mombasa, ametuandikia kuhusu kasida aliyoisikia katika maulidi ya akina mama. Bibi aliyeongoza alikuwa mtu mzima, amekaa na matari mawili pembeni yake. Yeye alisoma ubeti peke yake, na waliohudhuria wakamwitikia kwa kiitikio kinachoanza kwa neno "Maulaya", kikimwomba Mola amteremshie Kipenzi chake rehema na amani daima. Ukhti huyu alikipenda kiitikio hata akakihifadhi papo hapo. Aliporudi nyumbani akakitafuta kwenye simu, akaletewa sauti nyingi mno, na hakuna hata moja iliyokuwa na maneno aliyoyasikia. Auliza: ile ni kasida gani?

Tuanze na jambo linalowasumbua wengi. Kiitikio hicho si cha kasida moja. Kimefungamana zaidi na Burda ya Imamu Al-Busiri wa Misri, aliyeishi karne ya 13, kiasi kwamba watu wengi hukiita "Burda" chenyewe. Lakini hakihesabiwi miongoni mwa beti za Burda, ambazo ni kama 160. Wasomaji hukitanguliza na kukirudiarudia kati ya beti, na kwa kuwa kiko katika mizani ya bahari ya basiti, hukaa sawasawa juu ya kasida yoyote ya bahari hiyo. Kwa hivyo anayekitafuta kiitikio pekee ni kama anayeitafuta nyumba kwa rangi ya mlango.

Kinachoitambulisha kasida ni kina cha mwisho wa ubeti, yaani sauti ile inayorudi kila msomaji anapomaliza kabla ya watu kuitikia. Kasida za Kiarabu za jadi huwa na kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na baadhi yake huitwa kwa kina hicho. Hamziya ya Al-Busiri huyohuyo, ambayo Sayyid Aidarusi bin Athumani aliitia katika Kiswahili cha kale, imepewa jina hilo kwa sababu kila ubeti wake huishia kwa hamza. Burda huishia kwa "mi". Mudhariya, ambayo nayo hunasibishwa na Al-Busiri na iko katika bahari ya basiti, huishia kwa "ru". Hata asiyejua Kiarabu anaweza kuzitenga Burda na Mudhariya kwa sikio tu, ijapokuwa mahadhi na kiitikio vimefanana.

Hapa pana mtego mdogo. Kiitikio chenyewe nacho huishia kwa "mi". Ukisikiliza sauti ya umati utadhani kila kitu ni Burda. Msikilize kiongozi peke yake, pale anapovuta pumzi ya mwisho kabla matari hayajapanda.

Tulimwuliza ukhti wetu maswali mawili. La kwanza lilikuwa hilo la kina, naye akajibu bila kusita kwamba yule bibi alimaliza kwa "mi" kila mara. Basi Mudhariya ikatoka. La pili: kasida ilichukua muda gani, na ni neno gani la ndani ya beti analolikumbuka? Akasema ilikuwa fupi, haikufika robo saa pamoja na maitikio yote, na kwamba jina la Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, lilitajwa "kila dakika".

Jibu hili la pili ndilo lililofungua fundo. Burda haimtaji Mtume kwa jina upesi. Mlango wake wa kwanza ni wa mapenzi na machozi, upepo na umeme wa usiku; wa pili ni wa kuionya nafsi; na sifa za Mtume huanza katika mlango wa tatu. Anayeisikiliza Burda tangu mwanzo hukaa muda mrefu kabla ya kulisikia jina. Ni kweli kwamba katika mlango huo wa tatu umo ubeti mashuhuri sana unaoanza kwa jina la Muhammad, na wasomaji wengi katika shughuli huanzia karibu na hapo, kwani Burda nzima ni ndefu. Lakini ubeti mmoja hauwezi kumfanya msikilizaji aseme "kila dakika".

Ipo kasida nyingine inayonasibishwa na Al-Busiri, iitwayo Muhammadiya. Ni fupi, haifiki beti ishirini. Bahari yake ni basiti, kina chake ni "mi", na kiitikio chake katika majlisi nyingi ni kilekile cha Burda. Alama yake ni kwamba kila ubeti huanza kwa jina la Muhammad, na mara nyingi nusu ya pili ya ubeti pia. Mtu akiisikia kwa mbali, kupitia spika ya barazani, ataapa kwamba ni Burda. Tulimwomba ukhti aandike `Qasida Muhammadiyya` badala ya kukiandika kiitikio. Siku ya pili akatujibu kuwa ndiyo hiyo, maneno ni yaleyale, ila sauti si ile.

Na hapo ndipo mtindo wa mwimbaji unapoingia. Mtindo hautambulishi kasida. Unatambulisha njia iliyoifikisha. Kiongozi mmoja, matari, na umati unaojibu ubeti baada ya ubeti ni desturi tunayoijua Lamu na Hadhramauti. Waimbaji wa Moroko huisoma Burda kwa sauti za pamoja, na hubadilisha mahadhi kasida inapoendelea. Ukisikia herufi ya wau ikitamkwa kama "v", mwimbaji huenda ni Mturuki au mtu wa Bara Hindi. Ukisikia sauti nyingi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, safi mno, hiyo imetoka studio. Wimbo wa Maher Zain wa mwaka 2012, "Mawlaya", umekitumia kiitikio hiki katika mtindo huo, na ndio uliojaa kwenye simu ya ukhti alipotafuta mara ya kwanza.

Aina nyingine inayochanganya watu ni ibtihali za Misri. Sheikh Sayyid Al-Naqshabandi, aliyefariki mwaka 1976, ana dua mashuhuri iliyotiwa mahadhi na Baligh Hamdi, nayo pia huanza kwa kumwita Mola kwa neno hilohilo. Lakini hapo sauti ya mtu mmoja hupanda juu mno na kulivuta neno moja kwa muda mrefu, na maneno ni ya mja aliyesimama mlangoni mwa Mola wake, si ya kumswalia Mtume. Akina mama wenye matari hawawezi kuisoma kwa namna ile.

Kwa atakayekuwa na haja kama hii: ukipewa ruhusa ya kurekodi, usianze na kiitikio. Rekodi beti mbili za kiongozi, kwani ndani yake mna kina, mna neno la mwanzo, na mna namna anavyotamka. Kisha sikiliza kitabu mkononi. Burda mara nyingi huchapwa juzuu moja na Barzanji, na pengine iko nyumbani kwenu.

Lililobaki kwa ukhti wetu ni mahadhi ya yule bibi, ambayo hajayakuta katika rekodi yoyote. Hayo tumemshauri akamwulize mwenyewe amejifunza kwa nani, maana mahadhi ya namna hiyo aghalabu hupokewa kwa mwalimu, au kwa bibi aliyetangulia.