Neno "Mzima" katika Maswali ya Urithi

Kila mwaka swali lenye sura hii hurudi katika mitihani ya elimu ya urithi: mwanamke mwenye afya njema ana kaka aliyefariki kwa ugonjwa wa selimundu, wazazi wao ni wazima, je, kuna uwezekano gani kwamba mwanamke huyo ni mbebaji wa jeni ya selimundu? Wanafunzi wengi huandika nusu. Wengine, ambao wameshika kanuni kwa moyo, huandika theluthi mbili na kupata alama zote. Lakini mwambie yule wa theluthi mbili kwamba kaka aliugua hemofilia, si selimundu, na mara nyingi atarudia jibu lile lile, safari hii akiwa amekosea. Maoni yangu ni kwamba watu hawa wawili wana upungufu mmoja: hawakuuliza neno "mzima" linatuambia nini katika kila ugonjwa. Na sisi tunaotunga mitihani tunauficha upungufu huo kwa kusahihisha namba peke yake.

Tuanze na selimundu. Jeni yake ni fifi na hukaa katika kromosomu isiyo ya jinsi, yaani ile ambayo wanaume na wanawake wote wanazo mbili. Kwa kuwa kaka aliugua, alipokea nakala yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi ni wazima. Basi kila mmoja ana nakala moja njema na moja mbovu. Watoto wao wanaweza kuwa wa namna nne zenye uzito sawa: mmoja ana nakala mbili njema, wawili ni wabebaji (mmoja aliyeipokea nakala mbovu kwa baba na mwingine kwa mama), na wa nne ni mgonjwa. Kabla dada hajazaliwa, nusu lilikuwa jibu sahihi. Lakini swali linatuambia kwamba yeye ni mtu mzima mwenye afya. Habari hiyo inamfuta yule wa nne. Wanabaki watatu, na kati yao wawili ni wabebaji. Hiyo ndiyo asili ya theluthi mbili.

Sasa tubadili neno moja tu. Tuseme swali halimhusu dada mtu mzima, bali mdogo wao aliyezaliwa wiki tatu zilizopita na ambaye "ana afya njema". Jibu si theluthi mbili tena. Mtoto mchanga bado ana himoglobini ya tumboni kwa wingi, nayo humkinga; dalili za selimundu kwa kawaida hazianzi kuonekana mpaka himoglobini hiyo ipungue katika miezi ya kwanza ya maisha. Kwa hiyo afya yake ya wiki tatu haimfuti mtu yeyote katika wale wanne. Uwezekano wa kuwa mbebaji ni nusu, na robo ya kuwa mgonjwa iko pale pale. Muuguzi aliyefundishwa namba bila sababu yake angeweza kumtuliza mama huyo kwa faraja isiyo na msingi, na kipimo cha mapema kikaahirishwa.

Hemofilia inafuata njia nyingine. Jeni yake imo katika kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama, kwani baba humpa Y. Akipokea X yenye hitilafu, hana nyingine ya kumsaidia. Binti hupokea X moja kwa mama na moja kwa baba. Baba akiwa mzima, X yake ni njema, na kwa kawaida humtosha binti hata kama ile ya mama ni mbovu. Hapa ndipo neno "mzima" linapopoteza nguvu. Binti wa mama mbebaji atakuwa mzima akiwa mbebaji, na atakuwa mzima asipokuwa mbebaji. Afya yake haimfuti yeyote, kwa hiyo uwezekano wake unabaki nusu. Wanaoweza kutuambia jambo juu yake ni wanawe wa kiume.

Hakuna ukoo unaolionyesha hili vizuri kuliko ule wa Malkia Victoria wa Uingereza, na nashangaa kwamba tunautaja madarasani kama hadithi ya wafalme bila kuufanyia hesabu. Mwanawe Leopold aliugua hemofilia na akafariki mwaka 1884 baada ya kuanguka. Binti yake Alice aliolewa Hesse, Ujerumani, na mmoja wa wanawe, Friedrich, alikuwa na ugonjwa huo. Alifariki mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka miwili, baada ya kuanguka dirishani. Alice alikuwa na kaka mgonjwa na mwana mgonjwa. Kuwa kwake mbebaji hakuna shaka. Mwaka 2009 uchunguzi wa vinasaba kutoka katika mabaki ya familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi ulithibitisha kwamba ugonjwa huo ulikuwa hemofilia B, yaani upungufu wa protini ya tisa ya kugandisha damu.

Alice alikuwa na mabinti watano. Wote walikuwa wazima wa hemofilia, na wote walianza na uwezekano wa nusu. Marie alifariki kwa dondakoo akiwa na miaka minne. Kifo hicho hakikusema lolote kuhusu jeni hii. Alix aliolewa na mfalme wa Urusi na akamzaa Alexei, aliyekuwa mgonjwa: nusu yake ikawa hakika. Irene alizaa wavulana watatu, wawili wagonjwa na mmoja, Sigismund, mzima. Wapo wanafunzi ambao wangetaka kuupunguza uwezekano wa Irene kwa sababu ya Sigismund. Hakuna cha kupunguza. Mwana mmoja mgonjwa katika ukoo kama huu amekwisha kumaliza shauri, na wana wazima wanaofuata hawawezi kulifungua tena.

Elisabeth hakuzaa. Uwezekano wake ulibaki nusu mpaka alipofariki. Kutokuwa na mtoto mgonjwa kwa kukosa watoto si sawa na kuwa na watoto wazima, ingawa katika mchoro wa ukoo hali hizi mbili zinaweza kufanana kwa mtazamaji mwenye haraka.

Anabaki dada mkubwa, Victoria, aliyepewa jina la bibi yake. Alizaa mabinti wawili na wavulana wawili, George na Louis, na wavulana wote wawili walikuwa wazima. Je, uwezekano wake bado ni nusu? Tuwafikirie wanawake 40 wenye hali kama yake, kila mmoja na wana wawili wa kiume. Kwa kuwa mama yao ni mbebaji, 20 kati yao ni wabebaji na 20 si wabebaji. Mbebaji hupata mwana mzima kwa uwezekano wa nusu, na wana wawili wazima kwa robo. Kwa hiyo katika wale wabebaji 20, ni watano tu watakaokuwa na wana wawili wazima. Wale 20 wasio wabebaji wote watakuwa na wana wazima. Jumla ya wanawake wanaofanana na Victoria ni 25, na wabebaji kati yao ni watano. Uwezekano wake umeshuka kutoka nusu hadi moja ya tano. Angepata mwana wa tatu, hatari ya mwana huyo ingekuwa moja ya kumi, si robo kama ambavyo wengi wangeandika. Mabinti zake wawili hawakuingia katika hesabu hiyo, kwa sababu ile ile tuliyoiona juu ya mama yao.

Basi dada hawa wa mama mmoja, waliokuwa sawa siku walipozaliwa, waliishia katika namba tofauti kwa sababu ya ushahidi uliokuja baadaye. Swali la mtihani linalompa mwanafunzi ukoo mzima kisha likaridhika na jibu la nusu limetupa sehemu kubwa ya ukoo huo.

Kuna mtego mwingine ambao sisi wenyewe huutega bila kukusudia. Tunachora wazazi wazima na wavulana wawili wagonjwa, kisha tunatarajia mwanafunzi aseme kwamba urithi ni wa kromosomu X kwa kuwa wagonjwa ni wa kiume. Lakini ugonjwa wa jeni fifi usiofuata jinsi ukiwapata watoto wawili, wote wawili wanaweza kuwa wavulana kwa uwezekano wa robo. Hilo si jambo la ajabu hata kidogo. Mchoro huo peke yake hauamui. Akichorwa mjomba mgonjwa upande wa mama, X inapata nguvu. Akichorwa dada mgonjwa wa baba mzima, X inaanguka, kwani baba huyo angempa X njema. Mtunzi asiyeweka kimojawapo kati ya hivi hana budi kuutaja ugonjwa kwa jina. Vivyo hivyo, mvulana mmoja mgonjwa wa hemofilia asiye na ndugu mwingine mgonjwa hatoshi kumthibitisha mama yake kuwa mbebaji, kwa sababu hitilafu huweza kuanza kwake mwenyewe. Nusu ya dada yake inasimama tu pale mama anapojulikana kwa hakika.

Ningependa basi swali letu ligawanywe. Alama moja iende kwa uwezekano wa kuanzia. Alama mbili ziende kwa sentensi inayoeleza ni nani ameondolewa na habari tuliyopewa, na kwa nini. Namba ya mwisho ipewe moja. Umri wa kila ndugu uandikwe katika mchoro. Na kiongezwe kipengele kimoja ambacho sijakiona mara nyingi: ni kipimo gani kingeifanya hesabu hii isihitajike? Kwa dada wa mgonjwa wa selimundu, kipimo cha damu kinachotenganisha aina za himoglobini humjibu moja kwa moja, na theluthi mbili yake hubadilika kuwa ndiyo au hapana. Kwa dada wa mgonjwa wa hemofilia, kupima kiwango cha protini ya kugandisha hakutoshi. Katika kila seli ya mwanamke X moja hunyamazishwa, na mbebaji ambaye X njema inafanya kazi katika seli nyingi za ini anaweza kuwa na kiwango cha kawaida kabisa. Kiwango cha chini humtia katika shaka kubwa, lakini kiwango cha kawaida hakimtoi. Yeye anahitaji kipimo cha jeni yenyewe, kikianza kwa ndugu yake mgonjwa ili hitilafu ya ukoo ijulikane. Na pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, hesabu ya wana wazima ndiyo atakayoondoka nayo kliniki.