Kupatana ni Kuafikiana Upya

Ndugu vijana, tumeketi na wenzi wengi waliotengana, nasi tumeona kwamba msamaha peke yake haujengi nyumba upya.

Mke mmoja alikaa kwa wazazi wake miezi mitano. Ugomvi wao ulizuka kila siku ya mshahara: mume alipitia kwenye baa, akafika usiku na nusu ya pesa. Siku ya kupatana aliahidi “kubadilika”. Tulilikataa neno hilo, kwa kuwa hakuna awezaye kulipima. Basi wakaafikiana: mshahara ufike mezani siku ileile, wauhesabu pamoja, watenge kwanza unga, kodi na pesa za shule. Mke naye asipeleke ugomvi kwa wazazi wake kabla ya kuzungumza na mumewe asubuhi, pombe ikiwa imemtoka. Kila mwisho wa mwezi wakae waangalie walivyoshika maneno yao.

Mwezi wa tatu mume alichelewa tena. Ila safari hii walizungumza juu ya pesa zilizopungua, wala hawakufufua makosa yote ya zamani.

Lakini palipo na kipigo, tusimsukume mke arudi. Hapo usalama wake hutangulia mapatano yoyote.