Kagua mshono wa mkanda kwanza

Kitambaa cha begi la shule ni muhimu, lakini begi linalobeba vitabu vizito kila siku mara nyingi huanza kuachia pale mkanda wa bega unaposhonewa, juu mgongoni. Ukiwa dukani, fungua begi uchungulie ndani sehemu hiyo. Mshono wa mstari mmoja uepuke. Tafuta ulioshonwa mraba wenye alama ya X katikati, maana huo hugawa uzito kwenye nyuzi nyingi. Kisha bonyeza sponji ya mkanda kwa kidole gumba. Ikikawia kuinuka au ukahisi kidole cha upande wa pili, huenda ikamuumiza mtoto mabega. Zipu ijaribu begi likiwa limejazwa, hasa konani, ambako meno huachana mapema.