Andikeni na mizizi, siyo urefu tu

Ba mama na ba baba wa koperative, matangazo ya miche ya avoka yanayonifikia yanasema tu: «Miche mizuri, mirefu.» Mnunuzi wa Lubumbashi, karibu kilometa 300 toka Kolwezi, ataamua na nini?

Urefu upimwe toka udongo wa juu mpaka ncha, siyo toka chini ya sashe. Lakini kwangu mimi, urefu siyo kitu cha kwanza. Mche wa miezi mingi kwenye pepinyeri hutoboa sashe na kushika ardhi. Ukiung'oa siku ya kamyo, mizizi inabaki chini. Majani yanalegea njiani, na mnunuzi anasema mumemuibia. Inua sashe moja kabla ya kuandika: ikikataa kutoka, kata mizizi iliyotoka nje, acha mche kivulini wiki mbili ao tatu, kisha uuze.

Mimi ningeandika hivi: «Avoka ya kupandikiza, sentimeta 50 juu ya udongo, kiungo kimeshikana. Mizizi ilikatwa wiki tatu zilizopita. Inataka jua na udongo usiotuama maji; kiungo kisifunikwe na udongo. Tunamwagilia mangaribi kabla ya safari, sashe zinasimama, zinafunikwa juu ya upepo. Ikifika, iwekwe kivulini siku chache mbele ya kupanda.»

Na muandike mwezi. Mche unaouzwa mwezi wa saba, bila mvua, mnunuzi lazima ajue atamwagilia mpaka mvua irudi.