Kibandiko hakizuii lami
Na Mwajuma Salehe

Jumanne nilimkuta kijana wa bodaboda na mkewe katika duka la vipuri Kariakoo. Muuzaji alishamvisha yule dada helmeti nyeusi ya mtindo wa askari wa Kijerumani, nyepesi, inayoishia juu ya masikio. Shilingi elfu kumi na tano, na kijana alishaingiza mkono mfukoni. Nikaomba niione.

Ile si helmeti. Ni pambo, na kumuuzia mtu wa pikipiki ni kumdhulumu. Ndani nilikuta sponji nyembamba, kisha plastiki tupu. Helmeti ya kweli ina tabaka gumu la povu jeupe, jamii ya lile linalofungiwa televisheni kwenye boksi, unene wa kama sentimita mbili na nusu. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo ndilo linalobonyea na kumeza kishindo. Ganda la nje hukisambaza tu na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye.

"Mama, hii ya kimataifa," muuzaji akanionyesha kibandiko cha DOT kisogoni. Kikabanduka kwa ukucha. DOT ni alama ya Marekani, na hata huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe. Mimi hutafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu: herufi E na namba ndani ya duara, kisha namba ya kibali inayoanza na 05 au 06, yaani kiwango cha Umoja wa Mataifa, 22.05 au 22.06. Herufi P maana yake sehemu ya kidevu nayo imepimwa. J ni ya uso wazi. Lebo nayo hughushiwa, kwa hiyo bado nabonyeza ndani nilione povu.

Tulipata yenye P. Dada akachagua L isimharibie misuko. Nikaifunga mkanda, nikaishika ukingo wa kisogoni na kuivuta kwenda mbele: ikamfunika macho, ikakaribia kutoka. Tukampima kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi: 57. Hiyo ni M. Ikambana mashavu, na nilipoigeuza kushoto na kulia, ngozi ya paji ikafuata. Hiyo ndiyo inayokaa. Misuko minene itafumuliwa. Kichwa hakisukwi upya. Vioo vyeusi havifai usiku, hivyo tulichukua kioo cheupe.

Kabla hatujatoka, muuzaji akatuonyesha ya bei nafuu, ya mtumba, imepakwa rangi mpya upande mmoja. Povu likishabonyea kwenye ajali halirudi, na kiyeyusho cha rangi huweza kuidhoofisha plastiki ya ganda. Aliyeupaka rangi mchubuko ule aliuona kwanza, na bado akaitundika auze.